Shajara ya mradi: mchanga, maji na moto kwenye gridi ya seli 320 kwa 180

Siku ya 1

Nimeanza kuandika programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ambamo mtumiaji humwaga mchanga, maji na moto kwa kipanya na kuviacha vifuate sheria zao. Gridi ina seli 320 kwa upana na 180 kwa kimo, yaani seli 57,600, na kila seli huchorwa kwenye skrini kama mraba wa pikseli nne kwa nne. Kila seli ina kitu kimoja tu: tupu, mchanga, maji, moto, mbao au ukuta. Hakuna kani wala kasi inayokokotolewa. Kila chembe hutazama majirani zake, huamua iende wapi, na uamuzi huo hurudiwa mara 60 kwa sekunde.

Swali la kwanza lilikuwa kama nitumie gridi moja au mbili. Katika otomata za seli za kawaida, kama ule mchezo wa Conway uliotangazwa mwaka 1970, programu husoma gridi ya zamani na kuandika kwenye gridi mpya, kwa hiyo seli zote hubadilika kwa pamoja na haijalishi ipi imetangulia kusomwa. Nilijaribu njia hiyo asubuhi na kufikia mchana nilikuwa nimeiacha. Tuseme kuna chembe ya mchanga kwenye safu ya 9 na nyingine kwenye safu ya 11, na kati yao, mstari mmoja chini, kuna tundu kwenye safu ya 10. Zote mbili zinasoma gridi ya zamani, zote zinaona tundu li wazi, na zote zinajiandika humo. Zilikuwa chembe mbili, imebaki moja. Katika mchezo wa Conway seli huzaliwa na kufa, hivyo hakuna anayedai hesabu, lakini mchanga hautakiwi kupotea. Ipo njia ya Margolus ya kugawa gridi katika vipande vya seli mbili kwa mbili na kupanga upya yaliyomo ndani ya kila kipande, na njia hiyo haipotezi hata chembe moja. Ila kuandika sheria za vitu vitano kwa mtindo huo niliona ni kazi itakayonila wiki nzima.

Basi nimechagua gridi moja, ambayo programu huisoma na kuiandika papo hapo. Kwa uchaguzi huo, utaratibu wa kupitia seli, yaani ipi itangulie na ipi ifuate, umeingia ndani ya fizikia ya ulimwengu huu mdogo, ingawa leo sikuwa nimeutambua uzito wake. Nimeongeza pia kihesabio kinachoandika idadi ya chembe za kila aina baada ya kila fremu 60.

Siku ya 2

Mchanga una sheria tatu tu. Chembe hushuka chini ikiwa chini ni tupu. Isipowezekana, hushuka kimshazari kushoto au kulia, upande wa kutangulia ukichaguliwa kwa nasibu. Na ikishindikana pia hutulia.

Nilipoanza kupitia gridi kutoka juu kwenda chini, nilibofya karibu na juu ya skrini na mchanga ukatokea sakafuni bila kuonekana ukianguka. Sababu ilijieleza yenyewe: chembe ya mstari wa 0 inashushwa mstari wa 1, kisha programu inafika mstari wa 1, inaikuta tena chembe ile ile na kuishusha mstari wa 2, na hivyo hivyo mpaka mstari wa 179, yote ndani ya fremu moja. Nikageuza kitanzi cha nje kianzie chini:

```js
for (let y = KIMO - 2; y >= 0; y--) {
  for (let x = 0; x < UPANA; x++) {
    if (aina[y * UPANA + x] === MCHANGA) sogezaMchanga(x, y);
  }
}
```

Mchanga ukaanguka kwa utulivu, seli moja kwa kila fremu, na lundo likajengeka. Mteremko wa lundo hilo ni nyuzi 45 kamili, kwa kuwa sheria ya mshazari haijui pembe nyingine. Mchanga mkavu wa kweli hutulia kwenye nyuzi 34 hivi, na ukitazama tripu ya mchanga iliyomwagwa na tipa mbele ya nyumba inayojengwa utaona jinsi lundo lilivyolala kuliko la kwangu. Ningeweza kuiruhusu chembe iteleze safu mbili pembeni kwa kushuka mstari mmoja, lakini hapo mteremko unaangukia nyuzi 26 na nusu, nao unafanana zaidi na uji uliomwagika. Nimeuacha ule wa 45.

Siku ya 4

Maji yana sheria za mchanga pamoja na moja ya ziada: tone lisiloweza kushuka huenda pembeni. Ili maji yasitetemeke mahali pamoja kwa kubahatisha upande kila fremu, nimelipa kila tone kumbukumbu ya mwelekeo. Likianza kwenda kulia linaendelea kulia mpaka lizuiwe, ndipo ligeuke. Kumbukumbu hiyo inakaa kwenye safu ya pili ya data niliyoiita `ziada`.

Nilimwaga maji kidogo na yakatandaza vizuri sakafuni. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akatazama kwa dakika moja, kisha akauliza, "Kaka, mbona maji yako yanakwenda kushoto tu?" Nilimjibu kwamba ni bahati ya nasibu. Nikamwaga tena, nikatazama matone machache yaliyobaki juu ya tabaka la maji, na kweli yote yalikuwa yanasafiri kushoto.

Niliondoa kila kitu nikaacha tone moja sakafuni, kwenye safu ya 160, likielekea kulia, na kuamuru programu iandike safu ya tone hilo kila fremu. Yalitoka haya: 160, 318, 317, 316, 315. Kwa hiyo tone lilikuwa limerushwa kulia kwa safu 158 katika fremu moja. Ni ugonjwa ule ule wa mchanga wa siku ya 2, ila umelala: kitanzi cha ndani kinatoka kushoto kwenda kulia, tone linasogea kulia, kitanzi kinalifuata na kulikuta tena, mpaka linagonga ukuta kwenye safu ya 319, linageuka na kurudi hatua moja. Baada ya hapo linaelekea kushoto, upande ambao kitanzi kimekwisha kuupita, na hivyo linatembea kwa mwendo wa halali wa seli moja kwa fremu. Safari ya kwenda kulia inachukua fremu moja, na safari ya kurudi kushoto inachukua fremu 318, ambazo ni zaidi kidogo ya sekunde tano. Jicho linaiona ile ya pili tu. Hitilafu ilikuwa inarusha maji kulia na mtazamaji yeyote angeapa kwamba yanavutwa kushoto.

Naandika hili kwa urefu kwa sababu nilikuwa tayari nimepoteza saa nzima nikikagua msimbo wa kwenda kushoto, ambao haukuwa na kosa lolote.

Siku ya 5

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kubadilisha mwelekeo wa kitanzi cha ndani: fremu shufwa kitoke kushoto kwenda kulia, fremu witiri kitoke kulia kwenda kushoto. Niliiweka, nikarudia jaribio la tone moja, na namba zikawa 160, 318, 1, 318, 1, 318, 1. Upendeleo umeondoka, kwa maana sasa pande zote mbili zinapata haki sawa, lakini haki yenyewe ni ya kurushwa. Kwenye skrini lilionekana kama matone mawili hafifu yanayopepesa kwenye kuta mbili.

Maji yakiwa mengi hali hii haionekani, kwa sababu tone likizungukwa na wenzake halina pa kurukia. Nadhani ndiyo sababu dawa hii inasifiwa: inaponya sura ya bwawa, na bwawa ndilo watu wanalolitazama. Nimeiacha ndani ya msimbo kwa sasa, huku nikijua kwamba tone bado linasogezwa zaidi ya mara moja kwa fremu.

Siku ya 8

Leo nimeongeza moto, na kwa saa mbili za mwanzo sikuuona kabisa.

Sheria yake ni kinyume cha mchanga: hupanda juu, au juu kimshazari. Kila mwali una uhai wa hatua 40, na kila unapotembelewa hupungukiwa na moja. Ukifika sifuri seli inakuwa tupu. Ukigusana na mbao, kila hatua una nafasi ya asilimia 2 ya kuiwasha. Nilibofya mstari wa 150, mahali pa wazi, na hakikutokea kitu. Nilidhani rangi haijaandikwa, nikaikagua, ilikuwepo. Nilidhani kipanya hakiweki kitu, lakini mchanga uliwekwa bila shida. Kisha nikachora ubao kwenye mstari wa 120, nikabofya tena pale pale kwenye mstari wa 150, na mwali ukatokea umebandika chini ya ubao, seli 29 juu ya mahali nilipobofya, ukakaa chini ya robo ya sekunde na kutoweka.

Hapo nilielewa. Nilipogeuza kitanzi kianzie chini kwa ajili ya mchanga, nilikuwa nimeutengenezea moto mtego: mwali unapanda mstari mmoja, kitanzi nacho kinapanda mstari mmoja, na vinaendelea kusindikizana. Kila mstari mwali unatembelewa tena na kupungukiwa na uhai tena. Mwali wa mahali pa wazi unazaliwa mstari wa 150 na kufa mstari wa 110 ndani ya fremu moja, kabla gridi haijachorwa hata mara moja. Ubao ulipoukatiza, ulikuwa umebakiwa na hatua kumi na moja, na kwa kuwa hauwezi kupanda tena ulianza kutembelewa mara moja tu kwa fremu kama inavyopaswa. Hatua kumi na moja zenye nafasi ya asilimia 2 kila moja zinatoa uwezekano wa takriban asilimia 20 kwa ubao kushika moto, na kweli, baada ya kubofya mara kadhaa, ubao ulishika.

Sikuweza tena kucheza na mwelekeo wa kitanzi. Mchanga unataka kianzie chini, moto unataka kianzie juu, na maji hayataki upande wowote.

Siku ya 9

Kinachotakiwa ni kila kitu kusogezwa mara moja tu kwa fremu, kitanzi kikitoka popote. Nimeongeza safu ya tatu ya data iitwayo `mhuri`: kitu kikisogea, seli kilipofikia inagongwa mhuri wa fremu hii, na kitanzi kikikutana na mhuri wa leo kinaipita seli hiyo bila kuigusa.

Jaribio la kwanza lilitumia mhuri wa biti moja, 0 kwa fremu shufwa na 1 kwa fremu witiri, nikijipongeza kwa kubana kumbukumbu. Kosa lilijitokeza nilipoondoa sakafu chini ya lundo lililotulia: badala ya kuanguka kama bonge, lundo lilichanika, chembe nyingine zikiondoka fremu moja nyuma ya wenzake. Chembe iliyosogea mara ya mwisho kwenye fremu ya 10 inabaki na mhuri wa 0. Ikipumzika mpaka fremu ya 500, ambayo nayo ni shufwa, inaonekana kana kwamba imesogea sasa hivi. Biti moja haiwezi kutofautisha leo na juzi. Nimeweka namba kamili ya fremu katika `Uint32Array`, ambayo kwa seli zote inachukua kama kilobaiti 230. Kwa fremu 60 kwa sekunde, namba hiyo itajaa na kurudi sifuri baada ya miaka miwili na kidogo, na atakayeiacha programu wazi muda wote huo atavumilia fremu moja yenye kasoro.

Tone la safu ya 160 sasa linaandika 161, 162, 163, na mwali wa mstari wa 150 unapanda taratibu kwa theluthi mbili za sekunde na kufifia. Ule mpishano wa kushoto na kulia nimeubakisha, kwa sababu mhuri hauamui nani atangulie: chembe mbili zikigombea tundu moja, inayofikiwa kwanza na kitanzi ndiyo inayolipata, na bila kupishana mshindi angekuwa wa upande uleule daima.

Siku ya 10

Mchanga unatakiwa kuzama ndani ya maji, na kuzama maana yake ni kubadilishana nafasi: chembe inashuka, tone linapanda. Nilitega tone moja sakafuni, nikajaza mchanga juu yake kwa kimo cha seli 30, kuta zikiwa pande zote mbili. Nilitarajia tone lipande seli moja kwa fremu. Lilifika juu kwa fremu moja.

Safari hii kosa halikuwa la tone kutembelewa mara mbili, kwani mhuri ulilizuia. Lilibebwa na wengine: chembe iliyo juu yake ilibadilishana nalo, kitanzi kikapanda mstari mmoja, chembe ya pili ikalikuta tone chini yake na kubadilishana nalo pia, kisha ya tatu, mpaka ya thelathini. Kila chembe ilisogea mara moja tu kihalali, na tone likasogezwa mara thelathini. Mhuri lazima uwabane wote wawili, anayesogea na anayesogezwa:

```js
function badilishana(i, j) {
  if (aina[j] !== TUPU && mhuri[j] === fremu) return false;
  [aina[i], aina[j]] = [aina[j], aina[i]];
  [ziada[i], ziada[j]] = [ziada[j], ziada[i]];
  mhuri[i] = mhuri[j] = fremu;
  return true;
}
```

Sharti la `TUPU` kwenye mstari wa kwanza nililisahau mwanzoni, na matokeo yalikuwa mchanga unaoanguka kwa kuachana, seli moja ya chembe na seli moja ya hewa, kama shanga zilizotungwa kwa nafasi. Chembe ikishuka, seli iliyoiacha ni tupu na ina mhuri wa leo. Chembe ya juu yake ikikatazwa kuingia humo, nguzo nzima inakatika. Kwa hiyo tundu peke yake ndilo linaloruhusiwa kupanda nguzo yote ndani ya fremu moja, na ndivyo inavyotakiwa, maana nguzo ya mchanga huanguka pamoja.

Sasa tone linachukua fremu 30, nusu sekunde, kupenya mchanga wote ule. Kihesabio kimeonyesha namba zile zile tangu mwanzo hadi mwisho wa jaribio.

Siku ya 13

Moto ukigusana na maji unazimika na tone linageuka mvuke, ambao hupanda na baada ya muda kurudi kuwa tone. Nilikuwa nimeandika kwamba mvuke ukimaliza uhai wake unakuwa tupu, kama mwali. Kihesabio kikaonyesha maji yanapungua kila nikiwasha moto. Ilikuwa kurekebisha neno moja.

Mbao ndizo zilizonikalisha. Seli ya mbao iliyoshika moto inawaka kwa hatua 120, na kila hatua ina nafasi ya asilimia 2 ya kuiwasha seli jirani. Nilichora ubao mlalo wenye unene wa seli moja na urefu wa seli 50, nikauwasha ncha ya kushoto, na moto ukazimika katikati. Nilirudia mara nyingi na haukufika mwisho hata mara moja. Nilipochora ubao wenye unene wa seli nne, moto ulipita wote bila kusita.

Nilikaribia kwenda kutafuta kosa kwenye msimbo, kisha nikachukua karatasi. Uwezekano wa seli kuungua hatua zote 120 bila kumwambukiza jirani yake ni 0.98 kipeo cha 120, yaani kama 0.09. Kwa kila seli, basi, mnyororo una nafasi ya asilimia 9 ya kukatika, na kwa wastani moto utasafiri seli kumi hivi kabla ya kufa. Kuvuka seli 49 zilizobaki kunatokea kama mara moja katika majaribio mia. Kwenye ubao mnene, seli ikishindwa kuwashwa na jirani wa kushoto, huwashwa na wa juu au wa chini, kwa hiyo mkatiko mmoja hauzimi njia zote. Msimbo ulikuwa sahihi, ila namba zangu ziliueleza ulimwengu ambamo kijiti cha kiberiti hakimalizi kuungua. Nimepandisha nafasi hiyo hadi asilimia 5, na sasa uwezekano wa kukatika kwa kila seli uko chini sana, kama mbili au tatu katika elfu moja, na hata ubao mwembamba unaungua karibu kila mara. Kasi nayo imebadilika: kabla ya hapo moto ulihitaji takriban hatua 38 kuvuka seli moja, sasa ni 20.

Siku ya 15

Jaribio la mwisho la mzunguko huu lilikuwa la mirija miwili iliyounganishwa chini. Nilichora kuta za umbo hilo, njia ya kuunganisha ikiwa na kimo cha seli sita, nikamwaga maji kwenye mrija wa kushoto. Maji yalishuka, yakapita kwenye njia, yakaingia mrija wa kulia na kupanda hadi seli sita, kimo cha dari ya ile njia. Hapo yakasimama. Upande wa kushoto yaliendelea kujaa mpaka juu, seli 90, huku upande wa kulia ukiwa na zile zile sita.

Hii si hitilafu ya utaratibu wa kupitia seli, na mhuri hauwezi kuiponya. Katika sheria zangu hakuna tone linalopanda isipokuwa linapobadilishana na kitu kizito zaidi, na tone la sakafuni halina habari yoyote kuhusu seli 90 za maji zilizo juu ya mwenzake wa upande wa pili. Shinikizo ni habari inayosafiri kutoka mbali, ilhali kila seli inawatazama majirani zake tu. Kuiongeza kungehitaji kila tone kubeba namba ya kina inayosambazwa fremu kwa fremu, au kutafuta bwawa zima lililoungana na kuhamisha tone kutoka kilele cha juu kwenda kilele cha chini. Njia ya pili ni rahisi kuandika, lakini ndiyo ile ile ya kurusha maji mbali ndani ya fremu moja, ambayo nimeipiga vita kwa siku kumi na moja.

Nimeiacha mirija ilivyo, na mchoro wake nimeuhifadhi pamoja na majaribio mengine chini ya jina `mirija_haisawaziki`.